Ile nyeusi ya gego la nyuma

Siku hizi mgonjwa Mombasa huketi kwenye kiti cha daktari wa meno akiwa ameshaamua: nizibie, lakini si kwa ile nyeusi. Simlaumu. Amalgamu, ndiyo hiyo nyeusi, haipendezi, na karibu nusu ya uzani wake ni zebaki. Kompositi, ile nyeupe, hufanana na jino na hugandana nalo, hivyo tundu dogo huzibwa bila kuchonga sehemu isiyooza. Kwa meno ya mbele hakuna la kubishania.

Ubishi uko nyuma. Chukua gego la chini lililooza ubavuni, pale linapogusana na mwenzake, mpaka usawa wa ufizi. Ili kompositi ishike, jino hupakwa asidi kwa sekunde kama 15, huoshwa, hukaushwa, hupakwa gundi, kisha kompositi huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja kama milimita 2, na kugandishwa kwa taa ya buluu. Mate au damu vikifika hapo katikati ya kazi, gundi haishiki. Na ufizi uliovimba hutoka damu ukiguswa tu!

Siku hiyo mgonjwa haoni kitu, jino linang'aa. Baadaye nyama inaanza kunasa palepale, uzi wa meno unachanika ukipitishwa, maji baridi yanachoma. Eksirei huonyesha kivuli chini ya ziba, na uozo ukishafika kwenye neva, kinachofuata ni kutibu mzizi au kung'oa. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupima ushahidi wa tiba, yalikuta kompositi za magego zikifeli karibu maradufu ya amalgamu, sababu kubwa ikiwa uozo mpya. Aliyelipa zaidi kwa nyeupe hulipa tena.

Amalgamu hushindiliwa, huvumilia unyevu kidogo, na kutu yake yenyewe huziba upenyo wa ukingoni. Ina kasoro yake: haigandi kwenye jino, basi hubidi kuchonga hata palipo pazima ili ishikiliwe, na kuta zilizobaki nyembamba huweza kupasuka.

Je, sumu? Majaribio mawili ya watoto, Marekani na Ureno, yaliyochapishwa 2006, hayakuona madhara ya akili wala neva. Hata hivyo mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri 2020 wajawazito, watoto chini ya miaka 6 na wenye maradhi ya figo waikwepe, nami nafuata hivyo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku 2025, isipokuwa daktari akiona ni lazima, hasa kwa kuhofia zebaki inayoishia majini na ardhini. Lakini kung'oa ziba la amalgamu lisilo na kasoro kwa woga ni kujiongezea mvuke wa zebaki, maana hutoka zaidi linapochongwa.

Kabla ya kuchagua nyeupe kwa gego kama hilo, muulize daktari kama atalitenga jino kwa kipande cha mpira lisifikiwe na mate. Akisema ukingo wa tundu uko chini mno, mpira hautakaa, mimi ningekubali nyeusi.