Mtungi Haukulipuka, Waulizeni Waliokuwa Ndani

Ukitokea moto wa gesi Mombasa, iwe ni Majengo, Likoni au Changamwe, habari huwa imeshasambaa kabla zimamoto hawajafika: mtungi umelipuka hotelini, watu kadhaa wamejeruhiwa. Kisha basi. Hakuna anayesema gesi ilianza kuvuja lini, moto ulitoka wapi ukaikuta, wala mtungi wenyewe ulionekanaje baadaye. Mimi nasema habari ya namna hiyo haimsaidii mtu yeyote, na mara nyingi hata si kweli, kwa sababu mtungi unaodaiwa kulipuka hukutwa mzima pale pale ulipokuwa.

Nichukue kisa cha hoteli moja upande wa Kisauni, ambayo sitaitaja jina. Ni chumba kimoja cha mita tatu kwa nne, asubuhi chai na mahamri kwa mbaazi, mchana wali. Jiko la gesi lilikuwa ndani, kwenye kona. Nje mlangoni, chini ya mabati, palikuwa na jiko la makaa lenye karai ya viazi. Gesi ikaisha wateja wakiwa wamejaa, kijana akaleta mtungi mwingine wa kilo 13, akabandika regileta upesi upesi. Ndani ya vali ya mtungi ule mna kipete cha mpira kinachoziba pale regileta inapokaa. Kipete kilikuwa kimepasuka. Gesi ikaanza kutoka pembeni kwa mlio mdogo ambao katika kelele za sahani na redio haukusikika.

Harufu ilisikika, lakini kila gesi inapobadilishwa huwa pana harufu kidogo, na pua ya mpishi inayoshinda humo inazoea. Aliyeshtuka ni mteja aliyeingia kutoka nje. Ndiyo maana ukiambiwa "hakuna aliyenusa kitu", uliza ni nani aliulizwa: aliyekuwamo tangu alfajiri au aliyefika punde.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini ikatokea kwenye matundu ya juu, bali hutambaa sakafuni na kutafuta palipo chini. Pale ilitambaa chini ya meza mpaka mlangoni, kwenye makaa. Mwanamke aliyekuwa ameketi karibu na ukuta aliona mwali wa buluu ukikimbia sakafuni kutoka mlangoni kuingia ndani, ndipo akasikia kishindo. Kauli hiyo moja ina uzito kuliko za wote waliosema wamesikia "bomu". Inatuambia moto ulianzia nje, ukaifuata gesi hadi ilikotoka.

Watu hudhani lazima mtungi mzima umwagike ndipo chumba kilipuke. Gesi hii hushika moto ikifika takriban asilimia 2 ya hewa. Chumba kama kile, chenye dari ya mita mbili na nusu, kina mita 30 za ujazo, kwa hiyo gesi ya kilo moja na ushei ikichanganyika na hewa inatosha kukifanya chote kiwe tayari kuwaka. Na ikiwa imejikusanya chini tu, hata kiasi kidogo zaidi kinatosha. Kwenye mtungi wa kilo 13, hiyo ni sehemu ndogo tu.

Sasa mtungi. Baada ya kishindo ulikuwa umesimama wima, rangi imebabuka upande mmoja, na mwali unatoka pale kwenye regileta. Mtungi uliopasuka kweli hausimami: bati lake huchanika na kukunjuka nje, na vipande huweza kurushwa mbali. Hilo hutokea hasa mtungi unapochomwa na moto wa nje kwa muda hadi chuma kinalegea. Kwa hiyo mwandishi akifika, jambo la kwanza ni kuuliza mtungi uko wapi na uko hali gani. Ukiwa mzima, kilicholipuka ni gesi iliyojaa chumbani, na swali linahamia kwenye kipete, mpira unaopeleka gesi jikoni na regileta.

Hapo nina ugomvi mdogo na majirani pia. Kijana mmoja shujaa alitaka kuuzima ule mwali kwa gunia lililoloweshwa. Bahati nzuri alizuiwa. Kama huwezi kufunga regileta, ukiuzima mwali gesi inaendelea kutoka bila kuwaka, inajaa tena, na kishindo cha pili huwakuta waliokuja kuokoa. Bora watu wasogee mbali, na zimamoto wapoze mtungi kwa maji mpaka gesi ifungwe. Habari inapaswa kusema kama kulikuwa na kishindo kimoja au viwili, na nani aliumia katika kipi.

Majeruhi nao huandikwa kwa haraka mno. Mpishi aliungua uso, viganja na mikono mpaka pale mikono ya shati ilipoanzia. Mwali wa gesi hupita kwa sekunde chache na huunguza ngozi iliyo wazi. Nguo ya pamba humkinga mtu kidogo, ya nailoni humyeyukia mwilini. Alitoka kwa miguu yake, akaongea, akaomba maji. Wakaandika "majeraha madogo". Lakini vinyweleo vya pua vilikuwa vimeungua na sauti ilianza kukwaruza, na hizo ni dalili kwamba moto umeingia kooni. Koo huvimba saa kadhaa baadaye. Mtu wa hivyo ni wa kukimbizwa hospitalini hata kama anatembea, na habari ya saa ya kwanza ingesema tu alivyoonekana, si ukubwa wa jeraha. Asilimia za kuungua aziseme daktari. Huku nyuma jirani mmoja alikuwa ameshaleta dawa ya meno. Dawa ya meno, mayai na mafuta hufungia joto na kumsumbua daktari. Kinachotakiwa ni maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zikivuliwa mapema.

Majeruhi wengine wawili hawakuungua kabisa. Walikatwa na vioo vya kibanda cha jirani kinachouza simu, na mmoja alikuwa anapita njia tu. Ukiwachanganya wote kama "walioungua", unaficha umbali uliofikwa na kishindo. Mabati ya mbele yaliinuka, mlango ukaangukia nje, na ukuta wa pamoja na fundi cherehani ukapata ufa kutoka kona ya dirisha. Vitu kusukumwa nje namna hiyo, bila shimo pale penye mtungi, ni ushahidi mwingine kwamba gesi ilikuwa imetanda chumbani. Huo ufa usidharauliwe: fundi asirudi ndani kabla ukuta haujakaguliwa.

Anayepiga simu 999 au 112 pia anatoa habari, na yake ndiyo inayoamua mengi. "Kuna moto Kisauni" haitoshi. Aseme ni gesi, mitungi mingapi iko ndani, kuna aliyebaki humo au la, wangapi wameumia. Kisha njia: vichochoro vyetu vingi gari la zimamoto haliingii, kwa hiyo ataje msikiti au shule iliyo barabarani na mtu asimame hapo kulipokea.

Na regileta, mpira na mtungi visiondolewe. Siku ile, moto ulipokwisha kuzimwa, mtu aliubeba mtungi akauweka uani kwa mwingine, na mpaka jioni watu walikuwa wanailaumu kampuni iliyoandikwa ubavuni. Jina la ubavuni halithibitishi nani aliyeujaza mara ya mwisho. Kipete kilichopasuka ndicho kilichokuwa na jibu, na kilikuwa bado kimo ndani ya vali, hakuna aliyekwenda kukitazama hadi siku ya pili.