Samaki wamekufa kwa nini?

Majuzi mpwa wangu wa Kidato cha Nne karudi twisheni hapa Wete anaimba: "Mama Mkubwa Kenda Bandarini Hakupata Samaki." Herufi ya kwanza ya kila neno inakumbusha hatua moja: mbolea, mwani, kiza, bakteria, hewa, samaki. Ndizo hatua za ziwa linaporutubika kupita kiasi, na kazipanga bila kukosea. Nikamuuliza: "Haya, nambie, samaki wamekufa kwa nini?"

"Mjomba, si mwani umemaliza hewa!"

Niliumia, maana hapo ndipo alama zinapopotea. Mwani usiku nao hutumia oksijeni, lakini wanaoimaliza hasa ni bakteria. Mbolea ikisombwa na mvua hadi ziwani, mwani mdogomdogo (si ule wa kina mama wa Paje) unazaana mpaka unafunika maji. Mwanga haufiki chini, mimea ya chini inafa, na mwani wenyewe unafa. Bakteria wanaozesha mabaki hayo yote, na kazi hiyo ndiyo inayokula oksijeni. Sentensi ya Mama Mkubwa ina B ndani yake, ila haisemi B anakula nini.

Sikatai, mtoto aliyeganda kwenye chumba cha mtihani hupata pa kuanzia. Lakini kumwimbisha kisha kumwacha hapo ni kumdhulumu.

Usiku ule nilimfungia daftari, nikampa karatasi tupu. Aandike herufi sita, na baina ya kila mbili aandike kwa nini hatua ya kwanza inaleta ya pili. Baina ya kiza na bakteria kalamu ikasimama. Akataka kuchungulia, nikamzuia mpaka abahatishe kwanza. Ndipo akafungua daftari na kusahihisha kwa wino mwekundu. Kesho yake tukarudia bila kusoma kwanza. Siku mbili baadaye nikamwanzisha nyuma, kwa samaki, arudi hadi mbolea, kwa sababu wimbo hauimbiki kinyumenyume. Akisoma tu daftari kila kitu humwonekea anakijua; karatasi tupu ndiyo inayomwonesha asichokijua.

Mifano ya mahali nayo ni hivyohivyo. Kwa Ziwa Victoria alikuwa kaandika "gugu maji" na "nchi tatu", basi. Nikamwambia alipitishe ziwa lile kwenye herufi zake mwenyewe: mbolea na majitaka kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini ulioingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likae pahala pa mwani, kwa kuwa nalo linatanda juu na kuleta kiza.

Akafika kwenye B, akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hata gugu likifa lenyewe, mjomba, bakteria wanapata chakula? Basi wakilipiga dawa likaozea mumo humo ziwani, hewa si itapungua zaidi?"

Hilo halimo kwenye wimbo wala kwenye daftari lake.