Simu Itoke Ndani ya Neti

Sina ugomvi na wazazi wa Lamu na Malindi wanaomlaza mtoto mchanga kwa mvumo wa mvua au wa feni unaotoka kwenye simu. Mvumo unasaidia. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1990, watoto wachanga 16 kati ya 20 waliosikilizishwa mvumo walilala ndani ya dakika tano. Kati ya 20 wasiosikilizishwa, walilala watano tu. Ninachopinga ni simu kuwekwa ndani ya neti, karibu kabisa na sikio la mtoto.

Mwaka 2014 jarida la Pediatrics lilichapisha vipimo vya mashine 14 za mvumo za watoto. Zilipofunguliwa hadi mwisho kwa umbali wa sentimita 30, zote zilipita desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kwa wodi za watoto wachanga. Tatu zilipita 85. Ushauri wa watafiti ulikuwa wazi: chombo kikae mita 2 au zaidi, sauti iwe chini, na kisiachwe kikivuma usiku kucha.

Lakini mita 2 peke yake haitoshi. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kama desibeli 6. Ukiitoa simu sentimita 30 ukaipeleka sentimita 240, umbali umeongezeka maradufu mara tatu, kwa hiyo desibeli 66 zingeshuka hadi 48. Chumba chembamba cha nyumba ya mawe Lamu hakikupi punguzo lote hilo, kwa sababu kuta za chokaa hurudisha sauti. Huenda ukabaki na 55. Ndiyo maana lazima upime pale kichwa cha mtoto kinapokaa, wala si pale simu ilipo.

Pima kabla hajalazwa. Weka simu ya pili yenye programu ya kupimia desibeli pale pa kichwa, fungua mvumo, subiri dakika moja. Programu hizi hukosea kwa desibeli kadhaa, basi lenga 45. Huna simu ya pili? Zungumza na mwenzako mkiwa kando ya kitanda. Mkilazimika kupaza sauti ili msikizane, punguza.

Kosa kubwa ni kuongeza mvumo ili uzime jenereta ya jirani au adhana. Mvumo hupunguza tu ule mshtuko wa ukimya kukatizwa ghafla. Ukitaka ushindane na kelele, utakuwa umeongeza kelele ya pili. Afadhali pazia zito dirishani.

Pakua sauti mapema na uzime data, maana tangazo la video huingia kwa kishindo. Waya wa chaja usimfikie mtoto. Akishalala fofofo, punguza kidogo kidogo hadi uzime. Na kama feni inavuma tayari, ipime kwanza ikiwa peke yake: mara nyingi hiyo inatosha, na simu haina kazi chumbani.