Aibu si tiba ya unene

Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba mtu mnene akionewa haya hataona sababu ya kubadilika, na kwamba ndugu anayemwambia waziwazi "umenenepa mno" anampenda kuliko anayenyamaza. Hoja hii haitoki kwa wakorofi pekee. Mwaka 2013 Daniel Callahan, mwanafalsafa wa maadili ya tiba wa Marekani, alipendekeza kwamba jamii iwabane kidogo watu wanene, akikumbuka jinsi macho ya watu yalivyomsaidia yeye kuacha sigara. Msingi wa wasiwasi wao ni wa kweli: unene uliokithiri huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na aina kadhaa za saratani, na kwa watu wengi kupungua hata asilimia 5 tu ya uzito huleta nafuu inayopimika. Daktari anayekwepa kulitaja jambo hilo kwa kuogopa kumuudhi mgonjwa anamnyima haki yake.

Kasoro ya hoja hiyo ni kudhani kwamba kuambiwa na kuaibishwa ni kitu kimoja. Sigara huachwa kabisa, lakini chakula hakiachwi, na mtu hawezi kuuacha mwili wake nje ya mlango. Katika utafiti uliowafuatilia watu wazima wa Uingereza kwa miaka minne na kuchapishwa mwaka 2014, waliosema wamewahi kubaguliwa kwa sababu ya uzito waliongezeka wastani wa kilo 0.95, ilhali wengine walipungua kilo 0.71. Ni haki kukiri kwamba utafiti wa namna hii hauthibitishi chanzo, kwani huenda anayenenepa ndiye anayekutana zaidi na kejeli. Hata hivyo watafiti walizingatia uzito wa awali wa washiriki, na tofauti ikabaki. Aliyedhihakiwa mezani mara nyingi hula kwa kujificha, tena kwa haraka na kupita kiasi, na huacha mazoezi kwa sababu mazoezi hufanyika mbele za watu.

Madhara yanayonitia hofu zaidi, lakini, hayaonekani kwenye mizani. Chukua mfano wa mwanamke mnene mwenye umri wa miaka 58, aliyekoma hedhi miaka sita iliyopita, ambaye siku moja anaona matone ya damu kwenye nguo ya ndani. Mara ya mwisho alipokwenda kliniki kwa maumivu ya goti, alipimwa uzito mbele ya foleni, namba ikasomwa kwa sauti, na kabla hajamaliza kueleza shida yake akaambiwa apunguze kula. Nyumbani dada zake wamezoea kumwambia kwamba kila ugonjwa wake ni mafuta. Kwa hiyo anajiwekea sharti: nitakwenda nikishapungua kidogo. Damu inakoma, inarudi baada ya mwezi, na sharti linabaki palepale.

Kutokwa na damu baada ya kukoma hedhi huchunguzwa mapema, hata yakiwa matone machache, kwa sababu takriban mmoja kati ya wanawake kumi wenye dalili hiyo hukutwa na saratani ya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Tishu za mafuta hutengeneza homoni ya estrojeni, ambayo huchochea utando huo kukua. Ndiyo maana saratani hii huwapata zaidi wanawake wanene. Yule ambaye aibu inamchelewesha ndiye hasa aliyepaswa kuwahi. Uchunguzi wenyewe huanza kwa ultrasaundi ya nyonga, na penye shaka huchukuliwa kipande kidogo cha utando kwa ajili ya maabara. Saratani ikikutwa bado imo ndani ya mfuko wa uzazi, upasuaji huwaponya wengi. Ikishasambaa, matumaini hupungua sana.

Huenda mtu akasema kwamba mwanamke huyu alipaswa kujikaza, kwa kuwa afya ni yake. Ni kweli kwamba uamuzi ni wake, lakini kliniki nayo ilikuwa na uamuzi wake, na uliofaa haukuhitaji gharama kubwa. Mgonjwa angepimwa faraghani, tena pale tu uzito unapohitajika, kwa mfano kukadiria dozi. Goti lingechunguzwa kwanza kama goti la mtu yeyote. Ndipo mhudumu angeuliza: "Ungependa tuzungumzie uzito leo, au tuupangie siku nyingine?" Uzito unachangia maumivu ya goti na ungetajwa bila kufichwa, pamoja na dawa, lishe na mazoezi yanayowezekana kwa mwenye goti bovu. Dada zake nao, kama wanamtakia heri, wangemuuliza ni dalili gani inayomsumbua, kisha wakajitolea kumsindikiza.