FNV ama MD5: shida haiko kwa hashi, iko kwa baiti na baki

"Seva yetu ya zamani ni PHP, mpya tunaandika kwa Go, ripoti zinatoka Python na apu ya maajenti ni JavaScript. Tunataka rekodi za ajenti mmoja ziangukie ndoo moja kila mahali. Tuandike FNV wenyewe ama tuchukue MD5 iko tayari?"

Haya, kwanza tuelewane kwa nini msitumie tu hashi inayokuja na lugha, maana najua kuna mtu ofisini kwenu atasema hivyo. Ile hash() ya Python kwa stringi inabadilika kila programu ikianza upya, tangu toleo la 3.3 iko hivyo na ni makusudi, ya Java ina fomula yake inayozidisha kwa 31, ya Go ya maphash inachagua mbegu yake ya bahati nasibu. Hizo zimetengenezwa zitumike ndani ya programu moja basi. Kwa hiyo mjadala wenu ni halali, mnahitaji kitu kilichoandikwa wazi ambacho kila lugha itakifuata sawasawa.

Upande wa FNV una hoja moja kubwa nayo ni ufupi. Wazo ni la Glenn Fowler na Phong Vo, 1991, halafu Landon Curt Noll akaliboresha, ndio hiyo F, N na V. Ile ya kutumia ni FNV-1a ya biti 32: unaanza na 2166136261, kila baiti unaifanyia XOR na ulichonacho, halafu unazidisha kwa namba tasa 16777619 na kubakisha biti 32 za mwisho. Imeisha. (FNV-1 bila "a" inazidisha kwanza ndipo XOR, na majibu ni tofauti kabisa, sasa kwa Go ukiita New32 badala ya New32a umeshapotea bila kuona kosa lolote.) Kwa Python ni hivi:

```python
def fnv1a(s):
    h = 2166136261
    for b in s.encode("utf-8"):
        h = ((h ^ b) * 16777619) & 0xffffffff
    return h
```

Kwa simu:

```js
function fnv1a(s) {
  let h = 2166136261;
  for (const b of new TextEncoder().encode(s))
    h = Math.imul(h ^ b, 16777619);
  return h >>> 0;
}
```

PHP hata hamuandiki, hash('fnv1a32', $s) ipo, inarudisha heksadesimali.

Upande wa MD5 nao si wa kupuuza. Mtu ameshaandika, watu wameshajaribu, na kama databesi yenyewe ndiyo itahesabu ndoo ndani ya kwerii basi Postgres na MySQL zote zina md5() tayari, wakati kuandika kitanzi cha baiti kwa SQL ni adhabu. Lakini kwa brauza ya simu hoja inageuka, kwa sababu crypto.subtle haina MD5 kabisa, ina SHA, na jibu lake ni la kusubiri, huwezi kuliita katikati ya fankshoni ya kawaida likurudishie namba hapo hapo. Kwa hiyo apu ya ajenti inaishia kubeba laibrari ya nje kwa ajili ya kazi ambayo FNV inaimaliza kwa mistari michache.

Sasa mimi nikiangalia mvutano huu naona pande zote mbili zinabishania kitu ambacho mara nyingi hakivunjiki. Zinazovunjika ni ncha mbili: kinachoingia na kinachotoka, na ncha hizo MD5 haikuokoi nazo hata kidogo.

Chukua kinachoingia. Nyinyi mko Mombasa na maajenti wenu wametapakaa pwani, ina maana mtakutana na jina la kijiji cha Ng'ombeni. Ajenti akiandika kwa kompyuta anapata ile alama ya apostrofi iliyonyooka, baiti moja, 0x27. Akiandika kwa simu baadhi ya kibodi zinaibadilisha kuwa ile iliyopinda, na kwa UTF-8 hiyo ni baiti tatu, E2 80 99. Kwa macho ni jina lile lile. Kwa ndoo 16, yaani baki la hashi ukigawanya kwa 16, FNV-1a inapeleka iliyonyooka ndoo ya 11 na iliyopinda ndoo ya 7. Halafu kama aliyeandika JavaScript alitumia charCodeAt badala ya TextEncoder, ile iliyopinda inakuwa namba moja 0x2019 na inaangukia ndoo ya 9. Kijiji kimoja, ndoo tatu. Na mbaya zaidi majaribio yote ya "Nyali" na "Likoni" yatapita bila shida, maana herufi za kawaida charCodeAt na baiti ni sawa. Dawa ni kukubaliana kabla ya hashi: alama iliyopinda inageuzwa kuwa iliyonyooka, nafasi za pembeni zinakatwa, herufi zote ndogo, halafu UTF-8. Hii mnaifanya hata mkichukua MD5.

Hizo ndoo nimezihesabu kwa kalamu, na uwezekano huo wa kuhesabu kwa kalamu ni sifa ya FNV na pia ni aibu yake. Ukigawanya kwa 16 unachukua biti nne za mwisho tu, na biti nne za mwisho za zidisho zinategemea biti nne za mwisho za vilivyozidishwa, basi. Mwanzo wa FNV kwa biti nne ni 5, namba tasa ni 3. Herufi za "nyali" kwa biti nne ni 14, 9, 1, 12, 9. Unaanza 5 XOR 14 ni 11, mara 3 ni 33, baki kwa 16 ni 1. Halafu 1 XOR 9 ni 8, mara 3 ni 24, baki 8. Ukiendelea hivyo unapata 11, kisha 5, kisha 4. Nyali iko ndoo ya 4, umemaliza kabla chai haijapoa.

Sasa angalia hii. "N" kubwa na "n" ndogo zinatofautiana kwa biti moja tu, ile yenye thamani 32, ambayo kwa ndoo 16 haiguswi. Kwa hiyo NYALI, Nyali na nyali zote ziko ndoo ya 4, siku zote. Kwa ndoo 32 pia zinabaki pamoja. Mtu anaweza kusahau kabisa kupunguza herufi kwa lugha moja na mfumo ukaenda miezi bila mtu kugundua, halafu siku mnapanua kuwa ndoo 64 "Nyali" na "nyali" zinaachana ghafla, huku LIKONI na likoni zikibaki pamoja kwa sababu zinatofautiana kwa herufi sita, idadi shufwa, na ile biti inageuzwa na kurudi. Hapo mtu atatafuta mchawi. Waliotengeneza FNV wenyewe wanashauri ukitaka biti chache ukunje: kwa ndoo 16 uchukue h >> 4 uifanyie XOR na h, ndipo uchukue biti za chini. Mkikunja, makosa ya aina hiyo yataonekana siku ya kwanza, na huo mimi nauona ndio uzuri wake. MD5 haina udhaifu huu, hapo nawapa pointi yao kamili.

Twende kwa kinachotoka. Hashi ya "a" kwa FNV-1a ni 3826002220, ama e40c292c. Hakuna ubishi, kila lugha itakupa biti hizo hizo. Lakini Java haina int isiyo na alama ya hasi, biti hizo hizo yenyewe inazisoma -468965076. Sasa gawanya kwa ndoo 10. Aliyesoma bila alama anapata 0. Java kwa % anapata -6, ndoo ambayo haipo. Anayeona hasi akaondoa alama anapata 6. Anayetumia Math.floorMod anapata 4. Anayefuta biti ya juu kwa & 0x7fffffff anapata 2. Hashi moja sahihi, majibu matano, na kila mmoja wao anaapa ametumia FNV na kweli ametumia.

Hili si la kubuni. Kwa Kafka, mtumaji wa Java anagawa funguo kwa murmur2, librdkafka ya C kwa kawaida yake inatumia CRC32, na Sarama ya Go inatumia FNV-1a ya biti 32, inaigeuza kuwa namba yenye alama, inachukua baki, na baki likiwa hasi linaondolewa alama. Yaani ni yule wa 6. Sarama ina njia ya pili pia, ile ya kufuta biti ya juu, yule wa 2. Ndani ya laibrari moja!

Kwa hiyo mkiamua idadi ya ndoo, ndoo 16 ama 64 zinawapunguzia maumivu kidogo maana kusoma bila alama, floorMod na kufuta biti ya juu zote zinakubaliana idadi ikiwa kipeo cha mbili (kwa ndoo 16 "a" inaenda 12 kwa zote tatu), ila yule wa kuondoa alama bado atakwenda 4.

Na kosa moja ni la JavaScript peke yake: aliyeandika (h ^ b) * 16777619 bila Math.imul. Zidisho linapita 2^53, biti za mwisho zinamezwa kimyakimya, hakuna eroo. Utamtambua kwa kuhesabu rekodi kwa ndoo 16 kabla ya kukunja: ndoo 0, 4, 8 na 12 zitakuwa zimefura, zingine zimekonda.

Uamuzi wangu, kwa vile mna apu ya simu: FNV-1a ya biti 32, ikunjwe, isomwe bila alama, ndoo 16. Kama kesho apu inatoka kwenye hesabu na databesi ndiyo inagawa, badilini mchukue MD5, baiti nne za kwanza, na hapo pia mseme kwa maandishi zinasomwa kutoka upande gani. Ila msitumie FNV kama watu wa nje wanaweza kuchagua funguo wenyewe, haina siri yoyote, mtu akitaka kujaza ndoo moja anaweza kwa kalamu kama mimi.

Faili ya majaribio iwe moja, isomwe na lugha zote nne kila mnapojenga: stringi tupu itoe 811c9dc5, "a" itoe e40c292c, "foobar" itoe bf9cf968, kisha Ng'ombeni kwa alama zote mbili, na pembeni ya kila moja muandike namba ya ndoo, sio hashi peke yake.