Hezi au semitoni: nani amepandisha sauti zaidi?

"Nimerekodi kaka na dada hapa Sinza wakiuliza 'Umekula?' Kaka ametoka hezi 110 hadi kilele cha 165, dada ametoka 200 hadi 290. Naweza kuandika kwamba dada amepandisha sauti zaidi?"

Ukihesabu kwa hezi, ndiyo: 90 dhidi ya 55. Lakini kama unachochambua ni kiimbo cha swali, sentensi hiyo itampotosha msomaji wako.

Hezi hueleza nyuzi za sauti zinafunguka na kufunga mara ngapi kwa sekunde. Hiyo ndiyo frikwensi ya msingi, na ni kipimo cha kinachotokea kooni. Sikio, kwa upande wake, hulinganisha vidatu kwa uwiano zaidi kuliko kwa tofauti. Ndiyo maana katika kwaya besi na soprano wanaweza kuimba tuni ileile wakipishana oktava moja na kila mtu akaitambua, ingawa hatua za soprano kwa hezi ni kubwa mara mbili. Semitoni hupima uwiano huo: frikwensi ikiongezeka maradufu umepanda oktava moja, yaani semitoni 12. Kwenye Praat, programu ya kuchambua sauti, hesabu ni hii:

```
12 * log2 (165 / 110)
12 * log2 (290 / 200)
```

Kaka anapata 7.0, dada 6.4. Mshindi amebadilika, ila pengo lenyewe ni dogo sana kwa swali moja lililorekodiwa mara moja. Kwa data hii ningeandika kwamba wamepanda karibu sawa. Zile hezi 35 za ziada zimetokana na dada kuanzia juu, si na namna anavyouliza.

Hata hivyo semitoni nazo zina wapinzani wenye hoja. Ipo mizani ya ERB, iliyojengwa kwa kufuata jinsi sikio la ndani linavyochuja frikwensi, na kwenye eneo la sauti za mazungumzo huangukia kati ya hezi na semitoni. Kwa mizani hiyo kaka amepanda 1.4 na dada 1.8, kwa hiyo dada anaongoza tena! Mwaka 1991 watafiti Hermes na van Gestel waliwataka wasikilizaji walinganishe uzito wa silabi zilizotiliwa mkazo, na ERB ikaendana na masikio yao vizuri zaidi. Mwaka 2003 mtafiti Nolan aliwapa watu kazi ya kuiga viimbo vya wasemaji wengine, na semitoni ikatangulia, ERB ikifuata kwa karibu. Sioni ugomvi mkubwa hapo, kwa sababu waliuliza mambo mawili tofauti: silabi ipi inajitokeza zaidi, na kiimbo kipi ni sawa na kipi. Swali lako ni la pili, kwa hiyo chukua semitoni.

Hezi haiachwi, maana kuna kazi ambazo semitoni haiziwezi. Anayechunguza uchovu wa sauti ya mwalimu anataka kujua nyuzi zimegongana mara ngapi: sauti ya hezi 220 ikitoka kwa jumla ya saa moja ni mizunguko 792,000. Uwiano haukupi idadi hiyo.

Kukagua rekodi nako kunafanywa kwa hezi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake hutokea pia kwenye 100 na 150. Ukiona mstari wa frikwensi ulionyooka kabisa kwenye 100 mahali ambapo msemaji amenyamaza, programu imeshika mvumo wa waya au feni, si mtu. Kosa la pili hutokea mwishoni mwa sentensi, sauti inapokwaruza: mstari unaruka ghafla kutoka 110 hadi 55, ambayo ni semitoni 12 kamili. Usiufute kabla hujakuza wimbi na kupima mzunguko mmoja. Kama wimbi linajirudia kila milisekunde 9, programu imekosea kwa nusu, basi pandisha `Pitch floor`, yaani kikomo cha chini cha frikwensi inayotafutwa, hadi 75 upime tena. Kama linajirudia kila milisekunde 18, nyuzi zimepungua kasi kweli na namba ni halali. Usipofanya hivyo, kosa moja la aina hii linaweza kuongeza oktava nzima kwenye upana wa sauti ya msemaji, na semitoni itaficha chanzo chake.

Kwenye jedwali weka hezi za mwanzo na za kilele kwa kila msemaji, kisha semitoni za mpando. Ukitaja semitoni za sehemu moja badala ya mpando, lazima useme umehesabu kutoka wapi: hezi 110 ni semitoni 1.65 ukianzia hezi 100, lakini ni 81.4 ukianzia hezi 1, na Praat inakubali zote mbili.