Barua ya 41

Kabla hamjaliamini toleo la Hamisi kule kwenye grupu: sikulia. Lilikuwa jasho. Feni ya ofisi ile ilikufa tangu Ramadhani.

Ijumaa usiku nilihamishia tovuti ya duka la vipuri la madamu, Kariakoo, kwenye hosti mpya. Kurasa zote zilihama na anwani zake zilezile, herufi kwa herufi, Google wasije wakatusahau. Hapo nilikuwa fundi. Kilichobaki kilikuwa kubadili rekodi ya A tu, inayosema tovuti inakaa wapi. Mimi nikabadili seva za majina, zinazoshika rekodi zote! Hosti mpya ikaja na rekodi zake, na MX, inayoelekeza barua pepe, ikajielekezea yenyewe. Barua za madamu zilikuwa kampuni nyingine kabisa.

Nilijaribu? Nilijaribu, wadau. Nikatuma barua, ikafika. TTL ya rekodi ya zamani ilikuwa 86400, yaani sekunde za siku nzima, kwa hiyo seva iliyotuma ilikuwa bado inaikumbuka njia ya zamani. Nikalala fofofo.

Na kiherehere changu sasa: kwenye paneli mpya nilishafungua sanduku la oda, eti likae tu. Bila hilo barua zingekataliwa na wateja wangeshtuka. Zikapokelewa vizuri, zikalala mahali asipochungulia mtu.

Jumatatu saa nne asubuhi nimefika, shikamoo, marahaba. Madamu anasema, "Mwanangu, tangu uhamishe, simu yangu imetulia. Hakuna usumbufu."

Nikasema asante. Jamani, NIKASEMA ASANTE.

Simu ikaita. Mteja wa Mbeya, spika juu: ametuma oda mara tatu na risiti ya benki, anauliza kama tumefunga duka. Madamu hakumjibu. Aliniangalia mimi. Nikafungua laptopu, vidole vinateleza:

```
dig +short MX mfano.co.tz
0 mfano.co.tz.
```

(Domeni ya kweli naificha, nimeshaaibika vya kutosha.) Hapo palipaswa kuwa na jina la seva ya ile kampuni ya barua. Kumbe domeni inajitumia yenyewe, kama mtu anayejiandikia barua na kujibania.

Nikafungua lile sanduku. 41, hazijasomwa. Madamu akavaa miwani, akavuta kiti, akaanza kusoma kwa sauti, kuanzia ya zamani. Ya kwanza, "Habari za kazi, dada." Ya tisa, "Nakumbushia." Ya ishirini na kitu haikuwa na salamu. Vijana wa stoo wakaacha kupanga bolti, na Hamisi, aliyekuja kunisindikiza tu, akatoa simu.

Nikarudisha MX, nikazihamishia barua zote kwenye sanduku la zamani kwa IMAP, la kiherehere nikalifuta, mteja wa Mbeya akaombwa radhi. Nusu saa.

Lakini nilipokuwa nafanya hayo, madamu alikuwa amefika barua ya 41, iliyotumwa asubuhi ile saa mbili. Akaisoma taratibu:

"Madamu, kazi imekamilika bila hitilafu yoyote. Naambatanisha ankara."